Katoni ya pisi 50, wateja 3 kwa wiki: namna ya kuagiza mzigo wa duka dogo la pembejeo

Kila mwaka mvua zikishakolea huku kwetu, napigiwa simu na watu waliofungua duka la pembejeo hivi karibuni, wa Mbalizi, wa Tukuyu, hata wa Makambako, na swali ni lile lile: "Msambazaji hauzi chini ya katoni, na oda ni lazima ifike kiasi fulani. Mimi nauza chupa tatu kwa wiki. Ninunue au niache?" Nimejibu kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike hatua zote, pamoja na hesabu ya duka moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei na mauzo ni ya mfano wa duka dogo la Mbalizi katikati ya Januari. Weka za kwako.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

Daftari la mauzo la wiki 8 zilizopita, lililoandikwa kwa pisi. Kama huna, anza leo na urudi kwenye mwongozo huu baada ya mwezi, kwa sababu bila daftari utakuwa unakisia tu. Uwe na orodha ya bei ya msambazaji yenye idadi ya pisi kwa kila katoni na kima cha chini cha oda. Uwe pia na bei za duka la jumla la mjini linalokubali kuuza pisi moja moja, hata kama ni ghali kidogo. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1: Geuza kila kitu kiwe pisi

Hesabu mzigo wote ulionao, dukani na stoo, na uandike kwa pisi. Usiandike katoni mahali popote kwenye daftari la hesabu ya mzigo.

Hili linaonekana dogo, lakini hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliandika "dawa ya ukungu 2" akimaanisha katoni mbili. Nilisoma jioni nikadhani ni pakiti mbili, nikapiga simu usiku ule ule kuagiza. Mzigo ulipofika tulikuwa na pakiti 40 ambazo hatukuzihitaji, na fedha ya mbegu ilikuwa imeshaondoka.

Idadi isome kwenye katoni yenyewe, ubavuni, mahali palipoandikwa kwa mfano 20x500g. Ukifungua, angalia kama ndani kuna viboksi vidogo. Katoni ya chupa 50 mara nyingine ina viboksi vitano vya chupa 10, na wapo wauzaji wa jumla wanaokataa kuuza chupa moja lakini hukubali kukuuzia kiboksi kizima. Uliza, kwa sababu wengi hawalisemi hilo wenyewe.

Tahadhari: kufungua ufungashaji wa kiwandani si njia ya kukwepa ukubwa wa katoni. Kupima kiuatilifu kwa kijiko ukitia kwenye mfuko wa nailoni ni kosa kisheria, na mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, akikukuta utajuta. Mbegu nazo ni vivyo hivyo, mfuko uliofungwa kiwandani unauzwa ukiwa umefungwa. Pisi ndogo kabisa unayoruhusiwa kuuza ni ile yenye lebo yake.

Hatua ya 2: Tafuta mauzo ya wiki moja

Kwa kila bidhaa, jumlisha pisi zilizouzwa kisha gawa kwa wiki ambazo bidhaa ilikuwepo dukani. Kama katika wiki 8 uliishiwa kwa wiki 2, gawa kwa 6. Ukigawa kwa 8 utajidanganya kwamba bidhaa haitembei, utaagiza kidogo, na utaishiwa tena.

Toa pia mauzo ya mara moja. Kikundi cha wakulima kikija siku moja na kubeba pakiti 30 za kugawana, andika pembeni. Hao si wateja wa kila wiki.

Duka letu la mfano, baada ya kusafisha hesabu, linauza hivi kwa wiki: dawa ya ukungu ya viazi pakiti 6, dawa ya kupe chupa 5, mbolea ya majani chupa 4, dawa ya wadudu ya mililita 100 chupa 3.

Hatua ya 3: Panga kiwango cha kuagiza bila kuitazama katoni

Kiwango cha kuagiza ni idadi ya pisi ambayo ikifika, unapaswa kuchukua hatua. Kinatokana na vitu viwili tu: unauza kiasi gani kwa wiki, na mzigo unachukua wiki ngapi kufika. Kutoka Dar mzigo wetu hufika ndani ya wiki moja mambo yakienda sawa. Lori likikwama Kitonga, au msambazaji mwenyewe akiwa hana mali, inakuwa wiki mbili. Chukua ile mbaya. Pakiti 6 mara wiki 2 ni 12, kwa hiyo dawa ya ukungu ikibaki pakiti 12, ni wakati wa kuagiza. Kwa dawa ya kupe ni 10, mbolea ya majani 8, dawa ya wadudu 6.

Ona kwamba sijataja katoni. Nasisitiza hapa kwa sababu wanaoanza karibu wote wana kanuni moja waliyoiokota dukani kwa mtu: "Nikifungua katoni ya mwisho, naagiza." Kanuni hiyo inampa msambazaji kazi ya kuamua lini uagize, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua katoni iwe na pisi ngapi.

Tazama inavyofanya. Dawa ya wadudu ina chupa 50 kwenye katoni. Ukifungua katoni ya mwisho, una chupa 50 mkononi, na kwa mauzo ya 3 kwa wiki huo ni mzigo wa karibu wiki 17. Kanuni inakuambia uagize leo, wakati ungeweza kusubiri zaidi ya miezi mitatu. Sasa chukua dawa ya kupe, ambayo katoni yake ina chupa 12. Ukifungua ya mwisho una mzigo wa wiki mbili na siku chache, hapo umeponea chupuchupu. Mwezi kupe wakichachamaa na mauzo yakafika 8 kwa wiki, chupa hizo 12 ni za wiki moja na nusu, na lori likichelewa utaishiwa. Kanuni ni moja, lakini inakulundikia mali inayotembea polepole na kukufanya uishiwe mali inayotembea haraka. Ukiingia kwenye duka dogo ukaona katoni za dawa moja zimepanda hadi darini na vumbi juu, huku mwenye duka akimwambia mteja "hiyo imeisha, njoo kesho kutwa," ujue kanuni hii ndiyo inayotumika humo.

Hatua ya 4: Geuza katoni iwe wiki

Gawa pisi za katoni kwa mauzo ya wiki. Jibu ni wiki ambazo katoni moja italiwa na duka lako:

- Dawa ya ukungu, katoni ya 20: wiki 3 na kidogo. Bei sh 180,000.
- Dawa ya kupe, katoni ya 12: wiki 2 na nusu hivi. Bei sh 156,000.
- Mbolea ya majani, katoni ya 20: wiki 5. Bei sh 120,000.
- Dawa ya wadudu, katoni ya 50: karibu wiki 17. Bei sh 250,000.

Sasa hesabu wiki zilizobaki za msimu. Sisi wa nyanda za juu tuna mvua za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na dawa nyingi hufuata mvua hizo. Kwa duka letu nimeweka wiki 11 kutoka katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Aprili. Lakini kila bidhaa ina msimu wake ndani ya msimu. Kiuagugu cha mahindi hupoa mapema, mahindi yakishapita kimo cha kupaliliwa, kwa hiyo usikipe wiki 11 kwa sababu tu mvua bado ipo.

Katoni inayoliwa ndani ya wiki zilizobaki haina shida. Ile inayozidi, kama dawa ya wadudu hapo juu, ipeleke hatua ya 5 kabla hujaitia kwenye oda.

Hatua ya 5: Pima katoni dhidi ya pisi za mjini

Dawa ya wadudu kwa katoni inakuja sh 5,000 kila chupa. Duka la jumla mjini Mbeya linaiuza pisi moja sh 5,600. Wengi huishia hapo: "Nitakuwa naokoa 600 kwa kila chupa, nachukua katoni."

Endelea na hesabu. Una chupa 18 dukani. Kwa wiki 11 utauza 33, kwa hiyo unahitaji 15 zaidi. Ukizinunua mjini utalipa ziada ya sh 9,000 kwa msimu wote. Ukinunua katoni, umeokoa hiyo 9,000, lakini umetoa sh 250,000 na mwanzoni mwa Aprili umebaki na chupa 35. Kiangazi dawa hii inauza chupa moja kwa wiki. Chupa 35 zitakufikisha Desemba, na hapo ndipo utajua kama tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa upande wako.

Katoni nzima ikiisha salama inakuokolea 600 mara 50, yaani sh 30,000. Chupa moja inayokufia dukani inakula 5,000. Kwa hiyo chupa 6 zikipitwa na tarehe, faida yote ya katoni imekwisha, na ya 7 ni hasara. Fanya hesabu hii ya "chupa ngapi zikikwama" kwa kila katoni kubwa. Ni mgawanyo mmoja tu: jumla unayookoa gawa kwa bei ya pisi moja.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Hiyo 250,000 ingeweza kununua katoni ya dawa ya ukungu na chenji ikabaki. Dawa ya ukungu tunainunua 9,000 na kuiuza 11,500, faida 2,500 kwa pakiti, sh 50,000 kwa katoni, na inaisha kwa wiki tatu na kidogo. Kama katoni ya dawa ya wadudu itakufanya ukose mtaji wa dawa ya ukungu hata mara moja msimu huu, umepoteza 50,000 ili kuokoa 30,000.

Nauli nayo ihesabu. Mimi huenda mjini kila wiki kwa mambo mengine, kwa hiyo chupa 5 zinarudi nami bila gharama ya ziada. Aliye mbali, anayepanda gari maalumu kwa ajili ya chupa 5, nauli inaweza kumeza tofauti yote, na huyo achukue chupa 15 kwa safari moja.

Uamuzi kwa duka letu: dawa ya wadudu haiingii kwenye oda ya Dar.

Hatua ya 6: Jaza kima cha chini cha oda kwa bidhaa iliyo karibu kuisha

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole. Msambazaji wetu anataka oda isiyopungua sh 900,000. Leo dawa ya ukungu imefika 12, kiwango chake cha kuagiza. Nyingine bado: dawa ya kupe ziko 15, mbolea ya majani 24, dawa ya wadudu 18. Bidhaa moja imeomba, lakini kima cha chini kinakulazimisha ununue kama vile zote zimeomba.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kuzidisha ile ile iliyoomba. Katoni 5 za dawa ya ukungu ni sh 900,000 kamili, oda imekubaliwa, simu imekatwa. Sasa hesabu: 12 zilizopo na 100 mpya ni 112. Kwa wiki 11 utauza 66. Mvua zikikatika una pakiti 46, yaani sh 414,000 zimelala stoo. Na bado dawa ya kupe itaisha baada ya wiki 3, na utahitaji oda nyingine ya sh 900,000 ambayo sasa huna.

Fanya hivi badala yake. Kwa kila bidhaa ya msambazaji huyo, gawa pisi ulizonazo kwa mauzo ya wiki. Dawa ya ukungu ina wiki 2, ya kupe wiki 3, mbolea ya majani wiki 6, ya wadudu wiki 6. Kisha ongeza katoni moja moja, kila mara kwa bidhaa yenye wiki chache kuliko wenzake, na uandike upya:

1. Ukungu katoni 1: inafika wiki 5.3. Jumla sh 180,000.
2. Kupe katoni 1: wiki 5.4. Jumla sh 336,000.
3. Ukungu tena, maana 5.3 ndiyo ya chini: wiki 8.7. Jumla sh 516,000.
4. Kupe tena: wiki 7.8. Jumla sh 672,000.
5. Mbolea ya majani, iliyokuwa 6: wiki 11. Jumla sh 792,000.
6. Dawa ya wadudu nayo ina 6, lakini katoni yake ingeirusha hadi karibu wiki 23. Iruke. Inayofuata ni kupe: wiki 10.2. Jumla sh 948,000.

Umefika. Hakuna bidhaa iliyovuka wiki 11, na kwa kiasi kikubwa zitaisha karibu wakati mmoja. Dawa ya wadudu utaijazia mjini polepole.

Kikomo cha njia hii ni kwamba mara nyingine utajaza hadi kila bidhaa igonge mwisho wa msimu, na bado hujafika kima cha chini. Hapo usisogeze kikomo ili kumridhisha msambazaji. Kima chake ni kikubwa kuliko duka lako kwa kipindi hicho. Una njia mbili: nunua mjini kwa bei ya juu hadi bidhaa zaidi zishuke, au ungana na duka jirani mtume oda moja.

Mkiungana, kubaliana kabla fedha haijatumwa nani anachukua pisi za ziada katoni isipogawanyika sawa, risiti ya mashine itatoka kwa jina la nani, na nani anabeba hasara chupa ikivunjika njiani. Nimeona majirani wema wakinuniana msimu mzima kwa ajili ya chupa mbili zilizovuja kwenye lori.

Hatua ya 7: Pokea kwa tarehe

Kabla hujasaini, soma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pisi ndani ya katoni, si ubavuni tu. Linganisha na wiki ulizopata: mbolea ya majani imefika wiki 11, kwa hiyo tarehe iwe mbali na hapo, na mkulima naye abakiwe na muda wa kuitumia. Ikiwa karibu, irudishe mali wakati gari bado limesimama, kwa sababu likishaondoka mazungumzo yanakuwa mengine. Za tarehe ya karibu zipange mbele kwenye rafu.

Mambo yakienda kombo

*Stoo imejaa lakini wateja wanakosa bidhaa.* Andika wiki zilizobaki kwa kila bidhaa, kutoka kubwa hadi ndogo. Mbili au tatu za juu ndizo zilizobeba mtaji wako. Usiziagize tena hadi zishuke, na muulize mwenye duka jirani kama anazihitaji kwa bei uliyonunulia. Mara nyingi anazihitaji, kwa sababu yeye alilundika kitu kingine.

*Msambazaji amebadili katoni kutoka 20 kwenda 24, au pakiti imepungua gramu.* Katoni ikibadilika, kiwango cha kuagiza hakiguswi, rudia hatua ya 4 tu. Pakiti ikipungua gramu, mkulima yule yule atanunua pakiti nyingi zaidi, kwa hiyo mauzo ya wiki yatapanda. Rudia tangu hatua ya 2.

*Ofa ya "nunua katoni 10 upate 1".* Ihesabu kama katoni 11 na ugeuze kuwa wiki. Ukivuka msimu, ile ya bure ndiyo itakayobaki.

*Mauzo yamepanda ghafla na hujui kama yatadumu.* Ongeza kwa pisi za mjini kwa wiki mbili kwanza. Yakidumu, badilisha namba yako ya wiki na uhesabu upya kiwango cha kuagiza.

*Msimu unaisha.* Mwanzoni mwa Machi acha kuagiza katoni za dawa za mvua kutoka Dar, na ushushe viwango vyote. Dawa ya ukungu iliyokuwa ikiuza 6 kwa wiki, kiangazi kwa duka hili inauza 2. Kiwango cha kuagiza kinashuka kutoka 12 hadi 4, na katoni iliyokuwa ya wiki 3 sasa ni ya wiki 10. Usiposhusha, daftari litakuambia uagize Juni kwa mauzo ya Januari. Kama una kipande cha bonde chenye wakulima wa umwagiliaji, wapigie simu kwanza uwaulize wanapanda lini na ekari ngapi, kisha ndiyo upange namba ya kiangazi.

*Msambazaji anasema "wenzako wote wanachukua katoni."* Muulize kama ana kiboksi cha ndani au katoni ya mchanganyiko, na kama yuko tayari kupokea zitakazobaki kabla ya tarehe kuisha. Akikubali kupokea, aandike kwenye risiti pamoja na tarehe ya mwisho ya kurudisha. Akikataa yote matatu, hesabu yako ya hatua ya 5 inabaki vile vile, na chupa 5 za wiki hii zinakusubiri mjini.